Njia Nyeupe na Andromeda: mgongano unaoamuliwa na kasi ya ubavuni

Mwaka 1912 Vesto Slipher, akiwa kwenye kituo cha uangalizi cha Lowell huko Flagstaff, Arizona, aliutawanya mwanga wa Andromeda kuwa spektra, yaani utepe wa rangi zake wenye mistari, na kuupima. Mistari ya spektra ilikuwa imesogea upande wa bluu, dalili kwamba chanzo cha mwanga kinamkaribia mtazamaji. Kasi aliyoipata ilikuwa karibu kilomita 300 kwa sekunde. Wakati huo hakuna aliyekuwa na hakika kama Andromeda ni wingu lililo ndani ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, au ni galaksi nyingine kabisa. Jibu lilikuja baada ya Edwin Hubble kutambua, mwaka 1923, nyota moja ndani yake ambayo mwanga wake hupanda na kushuka kwa mpangilio. Nyota za aina hiyo humwezesha mtu kupima umbali. Leo tunajua iko umbali wa miaka ya nuru kama milioni 2.5.

Zile kilomita 300 zilikuwa sahihi, lakini hazikuwa kasi ya galaksi kwa galaksi. Jua lenyewe linazunguka kitovu cha Njia Nyeupe kwa kilomita zipatazo 230 kwa sekunde, na kwa sasa sehemu kubwa ya mwendo huo inaelekea upande ilipo Andromeda. Ukiutoa mwendo huo, zinabaki kilomita kama 110 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ambayo galaksi hizi mbili zinakaribiana.

Kutoka hapo mtu yeyote anaweza kufanya hesabu ya kwanza. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, yaani mara 2,725 ya kasi hiyo ya 110. Mwanga hutumia miaka milioni 2.5 kutoka Andromeda hadi hapa, kwa hiyo galaksi inayokuja polepole mara 2,725 itatumia miaka bilioni 6.8. Lakini kasi haitabaki ileile. Kila zinaposogeleana mvutano unaongezeka, na mwendo unaongezeka pamoja nao. Ndiyo maana makadirio ya kina hutoa muda mfupi zaidi, miaka bilioni 4 hadi 5 hivi, kabla ya galaksi hizo kupitana kwa karibu kwa mara ya kwanza.

Hesabu hiyo ina shimo moja kubwa: inadhani Andromeda inakuja moja kwa moja.

Kupima mwendo usioonekana kwenye spektra

Spektra huonyesha mwendo wa kuja au kwenda tu. Kitu kikisogea ubavuni, kukatiza anga kutoka kushoto kwenda kulia, mistari yake haihami. Mwendo wa namna hiyo hupimwa kwa njia moja: kupiga picha leo, kusubiri miaka, kupiga tena, kisha kuangalia nyota zimehama kiasi gani. Kwa kitu kilicho umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, kuhama huko ni kudogo mno. Kwa karibu karne nzima baada ya Slipher hakuna chombo kilichoweza kuona kuhama huko.

Timu ya Roeland van der Marel na wenzake ilifanikiwa mwaka 2012 kwa kutumia picha za darubini ya anga ya Hubble zilizopigwa kati ya 2002 na 2010. Walichagua sehemu tatu za Andromeda: moja kwenye diski ya nje, moja kwenye halo ya nyota inayoizunguka, na moja kwenye mkia wa nyota uliobaki baada ya Andromeda kumeza galaksi ndogo. Katika kila picha kulikuwa na maelfu ya nyota za Andromeda, na nyuma yake galaksi za mbali sana ambazo kwa kipimo hiki hazisogei kabisa. Hizo ndizo zilizotumika kama alama za kudumu. Katika miaka yote hiyo ya kusubiri, nyota zilihama kwa chini ya sehemu moja ya mia ya pikseli. Mtu hawezi kuona hilo kwa nyota moja. Huonekana tu kwa kuchukua wastani wa maelfu.

Hapo ndipo makosa yanapojificha. Kamera iliyokaa angani kwa miaka huchakaa kutokana na mionzi, na chaji za umeme ndani ya kitambuzi huanza kuburutika, hata nyota ikaonekana imehama wakati haijahama. Nyota za Andromeda nazo zinazunguka ndani ya galaksi yao, kwa hiyo mzunguko huo lazima ukadiriwe na kuondolewa. Juu ya hayo, sehemu kubwa ya kuhama kunakoonekana inatokana na mwendo wa Jua letu, na ukikosea mwendo wa Jua kidogo, kosa lote linaangukia kwenye Andromeda.

Jibu la 2012 lilikuwa kasi ya ubavuni ya kilomita 17 kwa sekunde, huku kosa la kipimo likiruhusu hadi karibu 34. Kasi hiyo ni ndogo ukiilinganisha na 110, hivyo njia ni karibu ya moja kwa moja. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na mtu yuleyule ilitumia data za chombo cha Ulaya cha Gaia na kupata kama 57. Timu nyingine, kwa data mpya zaidi za Gaia, ilipata kama 82 mwaka 2021.

Tofauti hizi zinaonekana ndogo, lakini zinageuza kisa chote. Tuseme hakuna mvutano, na Andromeda inakuja kwa mstari ulionyooka. Ikiwa kasi ya ubavuni ni 17, ingetupita kwa umbali wa miaka ya nuru kama 380,000. Ikiwa ni 57, ingetupita kwa zaidi ya milioni 1.1. Mvutano hupinda njia na kupunguza umbali huo. Kwa kasi ya 17, kitovu cha Andromeda kinapita kwenye miaka ya nuru kama 100,000 kutoka kitovu chetu. Kwa 57, kinapita kwenye miaka ya nuru kama 420,000. Diski ya Njia Nyeupe ina upana wa miaka ya nuru kama 100,000. Katika hali ya kwanza diski hizi karibu zinagusana, na katika ya pili zinapishana mbali.

Nusu kwa nusu

Mwaka 2025 Till Sawala wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake walirudi kwenye hesabu hii kwa namna ambayo, kwa maoni yetu, ingepaswa kufanywa mapema. Badala ya kuchukua thamani moja iliyo bora na kuendesha njia moja, walichukua vigezo 22 (uzito wa kila galaksi, umbali, kasi na vinginevyo), kila kimoja pamoja na kosa lake la kipimo. Wakavichanganya kwa bahati nasibu na kuendesha kompyuta mara 100,000. Wakaongeza pia majirani wawili ambao mara nyingi huachwa: galaksi ya Pembetatu, inayojulikana kama M33, na Wingu Kubwa la Magellan.

Majirani hao wanavuta pande tofauti. M33 iko karibu na Andromeda, na ikiingizwa peke yake kwenye hesabu, uwezekano wa kuungana unapanda hadi karibu theluthi mbili. Wingu la Magellan linafanya kinyume. Uzito wake pamoja na maada ya giza, ile isiyotoa mwanga na inayojulikana kwa mvutano wake tu, ni takriban mara bilioni 150 ya Jua, unaotosha kuitingisha Njia Nyeupe yenyewe. Njia yake inakatiza ile ya galaksi mbili kubwa karibu kwa pembe mraba, hivyo linaongeza mwendo wa ubavuni. Likiingizwa bila M33, uwezekano unashuka hadi kama theluthi moja. Vyote vikiwekwa pamoja, uwezekano wa Njia Nyeupe na Andromeda kuungana ndani ya miaka bilioni 10 ijayo ni karibu nusu. Mgongano wa uso kwa uso katika miaka bilioni 4 hadi 5 ulitokea katika kama asilimia 2 tu ya majaribio. Katika nusu ambayo zinaungana, mara nyingi hutokea baada ya miaka bilioni 8 hadi 10.

Kwa nini umbali wa kupitana uamue kila kitu? Kwa sababu galaksi mbili zinazopitana kwenye anga tupu hazina kitu cha kuzisimamisha. Zingepishana na kwenda zake. Kinachozisimamisha ni halo zao za maada ya giza, ambazo zinaenea mbali sana nje ya diski zenye nyota. Galaksi moja inapopita ndani ya halo ya nyingine, mvutano wake unaikusanya maada nyuma yake, na rundo hilo linairudisha nyuma. Subrahmanyan Chandrasekhar alieleza utaratibu huu mwaka 1943. Nishati ya mwendo wa galaksi nzima inamwagwa kwenye halo, chembe kwa chembe, na galaksi inapungua kasi. Ikipita ndani sana, inapoteza nishati nyingi kiasi kwamba inarudi na hatimaye inaungana na mwenzake. Ikipita mbali, halo ni nyepesi mno kuishika.

Hali ya mgongano, hatua kwa hatua

Tuchukue sasa ile hali ya 2012, kasi ya 17, kwa kuwa ndiyo iliyohesabiwa kwa undani zaidi. Katika hali hiyo galaksi zinapitana baada ya miaka bilioni 3.9 na kuungana kabisa baada ya bilioni 5.9. Kama muungano utakuja baadaye, hatua ni zilezile, saa tu ndiyo inayosogea.

Kabla ya kupitana, Andromeda inakua angani. Hata leo ina upana wa nyuzi kama tatu, mara sita ya Mwezi, ila kingo zake ni hafifu mno kwa jicho. Wengi hudhani ikikaribia itawaka kama taa. Haitawaka. Kitu kikubwa kinapokaribia kinaongezeka ukubwa, na mwanga wake unatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi kwa kiwango kilekile, hivyo kila kipande chake kinabaki na mng'ao uleule. Mtu angeona utepe wa pili wa mwanga hafifu ukikatiza anga, unaofanana na huu wa Njia Nyeupe tunaouona leo.

Wakati wa kupitana, nyota hazigongani. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.4, na nyota jirani iko kilomita trilioni 40 mbali. Kama Jua lingekuwa chungwa la sentimita 8, nyota hiyo ingekuwa chungwa lingine umbali wa karibu kilomita 2,300. Galaksi mbili zenye nyota mamia ya bilioni zinapitana, na nyota zilizogongana huenda zisifike hata chache, isipokuwa karibu na vitovu ambako zimesongamana.

Gesi haina nafasi hiyo ya kupenya. Mawingu yake yana upana wa makumi au mamia ya miaka ya nuru, na yanajaza diski. Mawingu ya galaksi mbili yakikutana kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde yanapigana kweli: mshtuko unayapasha hadi mamilioni ya digrii mahali pengine, na mahali pengine unayabana mpaka yanaporomoka kuwa nyota mpya. Gesi nyingine inapoteza mzunguko wake na kuteleza kuelekea kitovu. Katika galaksi zilizo kwenye mgongano sasa, kama zile mbili za Antena (NGC 4038 na 4039), hili linaonekana wazi: vishada vikubwa vya nyota changa za bluu na gesi nyekundu inayong'aa kati ya vitovu viwili. Kwa Njia Nyeupe na Andromeda mlipuko huo wa uzazi hautakuwa mkubwa hivyo. Andromeda tayari inazaa nyota kidogo, na kadiri miaka inavyopita zote mbili zitakuwa zimetumia sehemu kubwa ya gesi yao.

Mvutano unafanya kazi nyingine kwenye nyota zilizobaki. Upande wa galaksi ulio karibu na mwenzake unavutwa zaidi ya kitovu, na upande wa nyuma unavutwa pungufu, hivyo diski inanyooshwa pande zote mbili. Nyota zinazozunguka kuelekea upande uleule ambao mgeni anapita hukaa naye muda mrefu zaidi na kuburutwa mbali zaidi. Ndugu Alar na Jüri Toomre walionyesha mwaka 1972, kwa kompyuta za wakati huo, kwamba hili pekee linatosha kutengeneza mikia mirefu ya nyota inayoonekana kwenye galaksi zinazogongana. Kabla ya hapo wengi walitafuta sababu nyingine, kama nguvu za sumaku.

Baada ya kupita mara ya kwanza zinatengana tena, lakini kwa umbali pungufu na kwa nishati pungufu. Zinarudi, zinapitana tena, na kila mzunguko unakuwa mfupi kuliko uliotangulia. Katika hatua ya mwisho mvutano wa jumla unabadilika haraka sana, na kila nyota inapata au kupoteza nishati kutegemea ilikuwa wapi na lini. Mzunguko wenye nidhamu wa diski unavunjika, na njia za nyota zinaelekea kila upande. Matokeo ni galaksi moja yenye umbo la duaradufu, isiyo na mikono ya kupinda, yenye nyota nyingi za zamani za rangi ya manjano na nyekundu.

Jua katikati ya yote hayo

Leo Jua liko miaka ya nuru kama 26,000 kutoka kitovu. Katika hesabu za 2012, uwezekano wa asilimia 85 hivi ni kwamba baada ya kuungana litakuwa mbali zaidi ya hapo, na asilimia 10 kwamba litasukumwa zaidi ya miaka ya nuru 160,000. Hesabu ya awali ya T. J. Cox na Abraham Loeb, ya 2008, ilitoa uwezekano wa asilimia 12 kwamba Jua litaburutwa kwenye mkia wakati fulani, na asilimia 3 hivi kwamba Andromeda italinyakua kabla ya kuungana. Asilimia hizi hazielezi mahali halisi pa Jua. Zinahesabiwa kwa kuchukua nyota nyingi zilizo umbali sawa na wake kutoka kitovu na kuangalia zinaishia wapi, kwa sababu hatuwezi kujua Jua litakuwa upande gani wa mzunguko wake saa hiyo ikifika.

Sayari zitaendelea kulizunguka. Mvutano wa galaksi nzima unalivuta Jua na sayari zake karibu sawasawa, na tofauti kati ya upande mmoja wa mfumo na mwingine ni ndogo kabisa ukilinganisha na nguvu ya Jua. Kinachoweza kutikiswa ni wingu la kometi lililo mbali sana pembezoni, pale nyota ngeni ikipita jirani.

Kwa Dunia, saa ni nyingine kabisa. Mng'ao wa Jua unaongezeka kwa takriban asilimia 10 kila miaka bilioni moja, na bahari zinatarajiwa kutoweka ndani ya miaka bilioni 1 hivi. Katika miaka bilioni 5 hivi Jua litavimba kuwa jitu jekundu. Kama muungano utatokea baada ya miaka bilioni 8 au zaidi, utalikuta Jua likiwa mabaki madogo yanayopoa.

Mashimo meusi mawili

Kitovu cha Njia Nyeupe kina shimo jeusi la uzito wa Jua mara milioni 4 hivi. La Andromeda ni zito zaidi ya mara milioni 100 ya Jua. Galaksi zikishaungana, utaratibu uleule wa Chandrasekhar unayazamisha yote mawili kuelekea kitovu kipya, mpaka yanaanza kuzungukana. Yakikaribiana zaidi, mkokoto wa jumla wa nyota haufanyi kazi tena, na yanaendelea kusogeleana kwa kurusha nyota moja moja zinazopita katikati yao: kila nyota iliyorushwa inaondoka na kipande cha nishati yao. Hatari hapa ni nyota kuisha kwenye njia hizo, na jozi ikakwama. Galaksi mpya isiyo na umbo la duara kamili husaidia, kwa kuwa nyota zake huendelea kuingizwa katikati. Jozi ikifika chini ya mwaka mmoja wa nuru, mawimbi ya graviti yanachukua nishati iliyobaki mpaka mashimo yanakuwa moja. Gesi ikiwepo karibu, inaweza kuangukia humo na kukifanya kitovu king'ae kuliko nyota zote zinazokizunguka.

Kinachoweza kubadilisha jibu

Kipimo kinachohitajika kwanza ni kilekile cha kasi ya ubavuni. Gaia ilimaliza kuangalia anga Januari 2025, lakini sehemu kubwa ya data zake bado haijatolewa, na kadiri miaka ya vipimo inavyorefuka ndivyo kosa la mwendo linavyopungua. Cha pili ni uzito wa galaksi zote nne pamoja na maada ya giza, ambao kwa sasa unajulikana kwa kosa kubwa kuliko umbali wao. Kasi ya ubavuni ya Andromeda ikithibitika kuwa karibu na 17, uwezekano wa kuungana utapanda. Ikithibitika kuwa karibu na 80, galaksi hizi huenda zikapitana na kubaki mbili kwa muda mrefu sana.

Mgongano wa Wingu Kubwa la Magellan hauna utata wa namna hiyo. Lenyewe tayari limo ndani ya halo yetu, linapoteza nishati, na linatarajiwa kuungana na Njia Nyeupe katika miaka kama bilioni 2. Gesi yake itaweza kulilisha shimo jeusi la kitovu chetu, na nyota nyingi zitasukumwa kutoka kwenye diski kwenda kwenye halo, muda mrefu kabla Andromeda haijafika popote karibu.